Ndala Zilizogeuzwa Mlangoni: Ujumbe kwa Mume wa Miaka 26



Tunawaandikia kutoka Ijuganyondo, kata ya Manispaa ya Bukoba, kule Kagera. Sisi ni wake watano. Wawili ni wa Unguja tulioletwa huku na ndoa, watatu ni Wahaya wa hapa hapa, na tuliyekaa muda mfupi kuliko wote kwenye ndoa ana miaka 14. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakutana ua wa nyuma wa mwenzetu mmoja, chini ya migomba, tunasoma kidogo, tunamenya ndizi za usiku, na mengine hayaandikiki.

Kilichotufanya tuandike ni mtoto wa dada yetu aliye huko Unguja. Anaolewa mwaka huu inshallah. Alitutumia ujumbe mwanzoni mwa Februari, 2025, akauliza: "Mashangazi, nyinyi mliokaa kwenye ndoa muda mrefu, siku ya wapendanao mnawaandikia nini waume zenu?" Tukacheka mpaka mwenye nyumba akatoka kutazama kuna nini. Jibu la kweli lilikuwa hatuwaandikii kitu. Tunawaandikia "sukari imeisha" na "ukirudi pitia kwa fundi bomba".

Lakini kicheko kilipokwisha tukabaki kimya kidogo. Swali lilikuwa limetuuma.

Tuseme kwanza hili la siku yenyewe, maana tunajua mtauliza. Wako masheikh wengi wanaotukataza kuisherehekea tarehe 14 Februari, kwamba si katika sikukuu zetu, na sisi hatuna ubishi nao. Hakuna kati yetu aliyevaa nyekundu wala aliyenunua keki. Ila wiki ile redio ilikuwa haisemi jingine, maduka ya mjini yamejaa maua ya plastiki, nasi tukaona kama watu wote wanakumbushana wake na waume zao, basi na sisi tutakumbuka wetu kwa njia zetu. Na mwaka ule tarehe 14 iliangukia Ijumaa, katikati ya Shaabani. Mkubwa wetu akasema: "Mimi nampa wangu salamu za Ijumaa. Mwenye kuziita jingine shauri lake."

Kumwambia mume unampenda si jambo la kuona haya katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Amr bin Al-As ni nani ampendaye zaidi katika watu, alimtaja Aisha kwa jina, mbele ya muulizaji. Na sisi tulioolewa zamani kinachotugusa zaidi ni habari ya Bi Khadija. Miaka mingi baada ya Khadija kufariki, Mtume alikuwa akichinja mbuzi au kondoo anatenga vipande, anavipeleka kwa marafiki wa Khadija. Tazameni hapo. Hakuna ua wala wimbo. Ni nyama, imekatwa, imebebwa hadi mlango wa fulani, kwa sababu fulani alikuwa shoga wa marehemu mkewe. Mtu anayejua marafiki wa mkewe ni akina nani, na wanakaa wapi, huyo aliishi na mkewe kweli.

Basi Alhamisi ya tarehe 6 tukakubaliana kwamba kila mmoja wetu aje na ujumbe wake wiki inayofuata, tuusikilize pamoja kabla haujaenda. Tutawasimulia zaidi wa mwenzetu mmoja, kwa ruhusa yake, kwani ndio uliotupa taabu na ndio uliotufunza. Ndoa yake ina miaka 26. Mumewe ni fundi cherehani.

Alikuja na ujumbe aliotumiwa kwenye kundi la simu. Mmeshauona, hata kama hamjauona. Ulianza na waridi, ukapita kwa nyota na mwezi, ukavuka bahari, ukamalizikia kwenye moyo unaodunda. Akausoma kwa sauti, na hata yeye mwenyewe alifika katikati akaanza kucheka. Mwenzetu mmoja akamwambia: "Hebu futa jina la mumeo hapo juu uweke la wangu." Akafuta, akasoma tena. Ukamkaa mume wa jirani vizuri kabisa. Tukauweka na jina la mwenye duka la mkaa. Nao ukamkaa, na yule bwana hata mke hana.

Hicho ndicho kipimo tulichokitumia siku zote zilizofuata, na tunawapa na nyinyi. Ujumbe ukiweza kuvaliwa na mume wa mtu mwingine bila kupunguzwa popote, basi haukushonwa kwa ajili ya wako. Ni kama kanga: jina la kanga ni zuri, tunalipenda, tunamtegeshea jirani alisome, lakini limechapwa kwa wanawake maelfu. Kanga haiwezi kumjua mumeo.

Akarudi siku ya pili na alioutunga mwenyewe. Ulikuwa hivi: "Asante mume wangu kwa kunivumilia miaka yote hii. Wewe ni mwema, mchapakazi, mcha Mungu na baba bora kwa watoto wetu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri." Tulinyamaza. Hakuna baya pale ndani, kila neno ni kweli. Lakini mkubwa wetu, ambaye hana breki, akasema: "Waitu, huyu amekufa?" Na kweli, ulikuwa kama wasifu unaosomwa mazikoni. Sifa zimepangwa mstari, mtu mwenyewe hayumo.

Tukakaa tukatafuta kwa nini. Tukaona maneno kama mwema na mchapakazi ni hukumu ya mwisho. Yanasema umeshamaliza kumtazama mtu umeandika matokeo. Anayeyasoma hawezi kuyaona. Ukimwambia "wewe ni mchapakazi", na akakuuliza "lini?", utajibu nini? Utaanza kusimulia. Basi simulia hiyo hiyo, achana na hukumu, mwenyewe ataifikia.

Na hapa kuna jambo la wanaume wa Kihaya ambalo bibi harusi wa Unguja lazima alijue kabla hajaolewa huku: hawa ni manshomile. Amesoma, na hata kama hakusoma sana ana maoni juu ya kusoma kwako. Ukimpelekea ujumbe wa kukopi atakuuliza umeutoa wapi, na atakuonyesha pale palipokosewa herufi. Mume wa mwenzetu mmoja aliwahi kurudishiwa shairi la mapenzi akalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Tunasema ukweli wa Mungu.

Tukamwambia basi, usiandike. Tuhadithie jana. Tangu adhana ya alfajiri mpaka mlipozima taa, usiruke kitu, na usichague yaliyo matamu. Akaanza kwa uvivu, kama anayetoa hesabu ya soko. Mvua ilinyesha usiku. Bukoba mvua haina adabu, hata miezi ambayo wengine wanaiita ya kiangazi huku inapiga bati kama imetumwa. Akaamka kwa swala, akavaa ndala, akatoka kwenda kutia udhu.

"Ndala zilikuwa wapi?" tukamuuliza.

"Mlangoni. Zimeelekea nje."

"Uliziacha hivyo?"

Akasita. Hakuziacha hivyo. Usiku huvua akiingia, kwa hiyo huziacha zimeelekea ndani, mara nyingine moja huku moja kule. Lakini asubuhi za mvua, ambapo uwanja umejaa tope na goti lake la kulia linamsumbua kwenye kuinama, huzikuta zimegeuzwa, zimepangwa pamoja, visigino kwake. Kwa hiyo anaingiza miguu tu na kwenda. Mumewe ndiye anayetangulia kutoka. Miaka mingapi? Hakujua. Tangu goti lilipoanza kuuma. Wamewahi kulizungumza? Kamwe.

Wote watano tukawa tunatazama ndizi zetu.

Akaendelea. Chai, watoto, soko, mgeni, swala, maharage. Mume akarudi magharibi na nyuzi zimemng'ang'ania kwenye mikono ya shati. Wakala. Akaenda kulala kabla ya mumewe. Halafu akasema jambo kama la kupita tu: "Kisha nikasikia mkasi."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na ilichukua Alhamisi nzima kulitoa.

Mnakumbuka tetemeko la Bukoba, tarehe 10 Septemba, 2016? Ilikuwa Jumamosi, alasiri, kipimo cha 5.9, watu walikufa na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka, hata majengo ya shule ya Ihungo yakaharibika vibaya. Sisi wa Ijuganyondo tulilala nje. Idd el-Hajj ilikuwa siku mbili mbele yake, na mnajua fundi cherehani siku mbili kabla ya Idd anavyokuwa: kanzu zimening'inia, magauni ya watoto hayana pindo, watu wamesimama mlangoni. Kwa mwenzetu ukuta wa jikoni uliporomoka na chumba cha watoto kikapasuka kutoka juu hadi chini.

Mumewe alikuwa na cherehani mbili. Moja ya kushonea, ya kawaida, na ya pili ni ovaloki, ile inayokata na kufunga kingo za kitambaa ili nyuzi zisichomoke. Fundi mwenye ovaloki yake anamaliza nguo hapo hapo. Asiyekuwa nayo anashona, kisha anaipeleka nguo kwa fundi mwenzake na kulipia kila kipande, au anakaa na sindano anazungusha kingo kwa mkono, kazi ya dakika chache inakuwa ya saa nzima. Miezi miwili baada ya tetemeko ukuta ukasimama, bati jipya likawekwa, na ile ovaloki haikuwapo dukani. Mke akauliza. Mume akasema amemwazima mwenzake wa mtaa wa pili, ataichukua.

Mwaka huo huo, mwenzetu alipita mtaa mwingine kabisa kumwona mgonjwa, akaiona. Aliijua kwa sababu kwenye mguu wake mmoja wa chuma palikuwa pamefungwa kipande cha kanga, alichokifunga yeye mwenyewe zamani kwa sababu ukingo ulikuwa unamchuna goti. Ilikuwa kanga yake ya harusini, iliyochakaa. Fundi aliyekuwa anaitumia alimwambia bila kuulizwa sana kwamba aliinunua, na kwa fedha taslimu.

Akarudi nyumbani akanyamaza. Mume hakusema, na yeye hakusema. Na tangu hapo, kila usiku penye kazi nyingi, akishaingia kulala anamsikia mumewe chumba cha stoo, mlango umerudishwa, anamaliza pindo kwa mkono. Hasikii sindano, sindano haina sauti. Anasikia mkasi kila uzi unapokatwa. Miaka minane sasa.

"Na hujawahi kumwambia unajua?"

"Nimwambie nini? Kwamba alinidanganya?"

Alhamisi ya tarehe 13 akaja na ujumbe wa tatu. Ulikuwa mrefu, kurasa mbili za daftari, na ulikuwa umeandikwa na mtu aliyelia. Kila kitu kilikuwamo: ovaloki, kipande cha kanga, fundi wa mtaa wa pili, na sentensi iliyoanza "Najua uliiuza ukanificha". Na mwisho, baada ya mapenzi yote yale, akamwomba asifiche tena kitu.

Tuligawanyika. Wawili kati yetu walisema autume hivyo hivyo, ukweli haufi. Wengine tukaona hapana. Tuliukataa kwa sababu tulijaribu kuusoma kwa macho ya mumewe. Mwanamume aliuza kitu alichokipenda, akavaa uongo mdogo ili mkewe asilale chini ya bati jipya akiona ni deni. Ameubeba miaka minane. Sasa anafungua karatasi, siku ya Ijumaa, dukani, na jambo la kwanza linalomkabili ni kwamba amekamatwa. Hayo mapenzi yaliyo chini yake hatayafikia. Atakwama hapo hapo kwenye "ukanificha".

Mkubwa wetu akasema: "Kur'ani imewafananisha mume na mke na vazi. Huyo ni fundi nguo, anajua kazi ya vazi. Msitiri." Na yule aliyekuwa upande wa pili akauliza swali zuri: atamsitiri vipi na wakati huohuo amwambie kwamba anajua? Maana kama hatamwambia anajua, hakuna ujumbe, tumerudi kwenye mwema na mchapakazi.

Tukaona njia ni hii: ataje kile anachokiona na kukisikia yeye, asitaje kile mumewe alichokifanya kwa siri. Mkasi ni wake, anausikia kwa masikio yake kitandani kwake. Bati ni lao wote. Cherehani ibaki haikutajwa. Mume akitaka kuitaja ataitaja mwenyewe, mlango utakuwa umeachwa wazi, na asipotaka atakuwa ameshajua kwamba hayuko peke yake usiku ule kule stoo.

Kisha tukatoa yale yaliyobaki. Neno "kila" na neno "daima" tukayapunguza, maana mtu wa miaka 26 anazijua siku ambazo haikuwa daima. Ombi la mwisho tukalifuta. Hili ni kosa letu wote wanawake, tukubali: tunaanza na asante, tunamalizia na gesi. Mume akishazoea anaruka asante anatafuta gesi iko mstari wa ngapi.

Huu ndio ulioandikwa mwisho, kwa mkono wake, kwenye karatasi moja ya daftari:

"Baba Watoto, assalaam alaykum. Leo alfajiri nimezikuta ndala zangu zimegeuzwa kuelekea mlangoni. Sijawahi kukwambia kuwa huwa naziona. Na mkasi wako nausikia usiku. Nausikia tangu mwaka ule wa tetemeko, wewe ukidhani nimelala. Mvua ikipiga bati namshukuru Mungu, kisha nakutaja wewe kwa jina. Sikuombi kitu. Mchana kuna ndizi na maharage, nimekufunikia."

Mtu asiyewajua akiusoma ataona ni ujumbe wa ndala na maharage. Hilo ndilo lililotufurahisha. Jaribuni kuweka jina la mume mwingine hapo.

Likabaki suala la utaufikishaje, na hapa msilidharau. Ujumbe mzuri unaweza kuharibikia njiani. Simu ya mumewe ni kiswaswadu, na watoto ndio wanaomsomea akiwa hana miwani. Mnaona hatari yake. Zaidi ya hapo, ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, ukizidi hapo unakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa, na simu nyingine za zamani huvionyesha kimoja kimoja, mara nyingine cha pili kinatangulia. Fikirieni anaanza kusoma "Sikuombi kitu". Na mkitia yale maua na mioyo ya kwenye simu, nafasi inashuka mpaka herufi 70, na kwenye kiswaswadu maua yenyewe yanatokea kama vijisanduku vitupu. Mume wa mwenzetu mmoja alipokea vijisanduku vitano akapiga simu kuuliza kama ni namba ya siri.

Kwa hiyo karatasi. Lakini aiweke wapi? Mfukoni mwa kanzu ya Ijumaa tulikataa, angeitoa msikitini. Kwenye chakula, ingeloa. Akakumbuka kopo la vifungo. Kila fundi ana kopo lake, na lile hakuna mtoto anayeruhusiwa kuligusa. Ijumaa asubuhi kabla mumewe hajaondoka akaikunja mara nne akaizamisha kati ya vifungo, ncha moja nje.

Wa kwetu sisi wengine tutaupitia haraka. Mmoja ana mume dereva wa lori, na siku ile alikuwa njiani kuelekea Uganda. Kwake karatasi haiwezekani, basi alikaa na simu akahesabu mpaka ukaingia: "Baba Fulani, chai ya tangawizi nimeimimina vikombe viwili tena leo. Cha pili kimepoa mezani. Ukivuka Mutukula nitumie neno moja tu: nimevuka." Herufi 141, pamoja na nafasi. Mtasema kuna ombi mwishoni. Kuna. Tulibishana, tukamwachia, kwa kuwa mke wa dereva haombi gesi hapo.

Mwingine hakuandika kabisa. Alisema wao hawajasemeshana vizuri tangu mwezi wa kumi na mbili na barua sasa hivi ingekuwa unafiki. Tukamwelewa. Hatukumshinikiza, na hatuwezi kuwaambia kwamba kila nyumba ina ndala zilizogeuzwa. Kama jana yako ukiihadithia yote hukuti kitu, usikitunge. Yeye alichofanya ni kumpikia chai mumewe bila kuitwa, na akatuambia inatosha kwa sasa.

Wa nne aliandika juu ya senene. Mumewe huwa anamtolea mbawa na miguu senene wa msimu wa Novemba kwa sababu yeye, mtu wa Unguja, miaka 19 sasa bado anawashangaa wakiwa wazima, ila wakikaangwa anawala kuliko Wahaya. Ujumbe wake ulikuwa mstari mmoja na hatuuweki hapa, ni wao. Na mkubwa wetu hakutuonyesha wa kwake.

Turudi kwa fundi. Ijumaa ile mchana kutwa mwenzetu hakukaa. Alifagia uwanja mara mbili. Saa kumi jioni simu ikalia ujumbe. Akatuletea mbio, hata mtandio haujakaa. Umeandikwa hivi:

"Nimeiona karatasi. Ukipita dukani chukua uzi mweusi, mbili."

Mnaweza kufikiri mabishano yaliyofuata. Mwenzetu mmoja alisema yule mwanamume ni jiwe. Mwingine akasema hapana, angekuwa hakuguswa angepiga simu ya uzi kama siku zote, kwani yeye hapendi kuandika; hiki ni cha kwanza kumwandikia tangu apate simu hiyo. Mkubwa wetu akaisoma mara tatu akasema tuangalie ametaja karatasi kwanza, uzi baadaye. Tukambeza, lakini tuliona ana hoja.

Alinunua uzi mweusi, mbili.

Usiku, baada ya isha, wakala. Hakuna lililosemwa. Akaenda kulala kama kawaida, akageukia ukutani, akasubiri mlango wa stoo urudishwe. Haukurudishwa. Akasikia kiti kinakokotwa. Mumewe alikuwa amekitoa stoo, amekileta hadi chumbani, chini ya taa, na magauni matatu ya shule begani. Akakaa. Akafungua uzi mpya. Akahangaika na tundu la sindano, mara moja, mara mbili, kisha akasema, bila kugeuka:

"Mama Watoto. Nitungie."

Akaamka akamtungia.

Ameshamtungia kila usiku penye kazi, wiki mbili sasa. Ovaloki bado haijatajwa. Mwezi wa Ramadhani unaingia kesho au keshokutwa, nguo za Idd zimeshaanza kuletwa, na tumemwona leo asubuhi amepitia kwenye duka la vyuma kuulizia bei ya taa kubwa zaidi ya kuweka pale chumbani. Mpwa wetu wa Unguja tumempigia, tumemhadithia yote haya. Alinyamaza muda, kisha akauliza kama mchumba wake, ambaye bado hajamjua vizuri, anaweza kumwandikia juu ya nini. Tukamwambia asubiri kwanza aolewe, aone ndala zake zinalala vipi.